Faida ya milioni 60, pengo la milioni 262

Mkandarasi akishasaini mkataba wa ujenzi, watu wake wa karibu humuuliza kwanza atabaki na faida kiasi gani. Lakini kinachoamua kama jengo litafika kupauliwa ni hesabu nyingine: ni mwezi gani fedha alizotoa zitakuwa zimezidi mno zile alizolipwa, na zitazidi kwa kiasi gani. Wapo wakandarasi waliofunga ofisi huku vitabu vyao vikionyesha faida, kwa sababu siku ya kulipa vibarua akaunti ilikuwa tupu. Ndiyo maana wanaosomea ukadiriaji majenzi na uhandisi hupewa zoezi la kupanga mtiririko wa fedha za mradi na kuchora mstari wa matumizi wenye umbo la S. Zoezi hilo linafaa kueleweka na yeyote anayejenga kwa fedha za watu, au anayelipa ili ajengewe.

Tuchukue zoezi moja tulifuate hadi mwisho. Ni jengo la madarasa la ghorofa moja, bei ya mkataba shilingi milioni 600, muda wa ujenzi miezi 9. Gharama za mkandarasi mwenyewe, kuanzia saruji hadi posho ya mlinzi, ni milioni 540. Zinazobaki, milioni 60, ndizo faida yake. VAT tunaiweka kando ili isituvuruge.

Kazi huanza kwenye mpango kazi. Kila kipengele katika orodha ya kazi na bei, iwe kuchimba msingi, kufunga nondo, kujenga kuta au kupaka rangi, huwekwa kwenye wiki ambazo kitafanyika, na bei yake hugawanywa katika wiki hizo. Kisha kila mwezi hujumlishwa peke yake. Kwa jengo letu jumla hizo zinatoka hivi, kwa mamilioni: mwezi wa kwanza 20, wa pili 50, wa tatu 80, wa nne, wa tano na wa sita 100 kila mmoja, wa saba 80, wa nane 50, wa tisa 20. Ukizijumlisha mfululizo unapata 20, 70, 150, 250, 350, 450, 530, 580 na 600. Weka miezi chini ya karatasi na fedha pembeni, unganisha nukta hizo, na mstari utaanza ukilala, utapanda kwa kasi katikati, kisha utalala tena. Hiyo ndiyo S.

Umbo hilo linatokana na jinsi saiti yenyewe inavyoendeshwa. Mwezi wa kwanza kuna kusafisha eneo, kupima, kujenga stoo na kuchimba mitaro. Watu ni wachache na vifaa vya bei kubwa bado havijafika. Katikati, zege, kuta na paa hukutana, na vikundi kadhaa vya mafundi hufanya kazi kwa wakati mmoja. Mwishoni hubaki milango, rangi, mabomba na marekebisho madogo madogo, ambayo hula siku nyingi kuliko fedha. Wakadiriaji wana kanuni ya haraka ya kujipima: theluthi ya kwanza ya muda hubeba robo ya fedha, theluthi ya kati hubeba nusu, na ya mwisho hubeba robo iliyobaki. Mradi wetu unaifuata sawasawa: 150, 300, 150. Kanuni hiyo ni ya kukagulia tu. Mradi wenye lifti au mitambo ya kuagizwa nje hautaitii, kwa hiyo mstari wa kuaminika ni ule uliotoka kwenye mpango kazi wenyewe.

Hadi hapa tumepata thamani ya kazi, na wanafunzi wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Thamani ya kazi bado si fedha mkononi. Angalia slabu ya juu ya jengo hili. Tuseme ina eneo la mita za mraba 200 na unene wa sentimita 15, yaani zege mita za ujazo 30. Kwa mifuko 7 ya saruji kwa kila mita ya ujazo, inahitajika mifuko 210, na nondo hazitapungua sana tani 3. Nondo hizo lazima ziwe saiti kabla ya wafunga chuma kuanza. Mbao na mirunda hununuliwa au kukodiwa mapema, na mafundi seremala hulipwa kila Jumamosi. Zege humwagwa siku moja, lakini fedha zake zimekuwa zikitoka kwa wiki kadhaa. Na hata siku hiyo ya kumwaga hakuna anayemlipa mkandarasi chochote. Kazi hupimwa mwisho wa mwezi, maombi ya malipo hupelekwa kwa mhandisi, hati ya malipo hutolewa, ndipo mwenye mradi alipe. Kitabu chekundu cha FIDIC cha mwaka 1999, ambacho mikataba mingi ya ujenzi hukitumia kama kielelezo, kinampa mwenye mradi hadi siku 56 kulipa tangu mhandisi apokee maombi pamoja na vielelezo vyake. Hizo ni karibu miezi miwili, kama kila mtu akitimiza wajibu wake.

Kwa hiyo zoezi linahitaji mistari miwili. Wa kwanza ni wa fedha zinazotoka: asilimia 90 ya thamani ya kazi, tukikubali kwa urahisi kwamba gharama zote hulipwa ndani ya mwezi husika. Wa pili ni wa fedha zinazoingia, ambazo huchelewa miezi miwili na hukatwa asilimia 5 za zuio. Nusu ya zuio hurudishwa jengo likikabidhiwa, na nusu nyingine hubaki kwa mwenye mradi hadi kipindi cha matazamio kiishe. Katika zoezi hili kipindi hicho ni mwaka mmoja.

Sasa tuisome akaunti. Mwisho wa mwezi wa pili zimetoka milioni 63 na hakuna hata shilingi iliyoingia. Mwezi wa tatu zinafika milioni 135 ndipo malipo ya kwanza, milioni 19, yanaingia. Pengo linazidi kupanuka. Mwisho wa mwezi wa sita, muda mfupi kabla ya malipo ya mwezi wa nne kufika, zimetoka 405 na zimeingia 142.5 tu. Tofauti ni milioni 262.5, na hapo ndipo penye kina kikubwa kuliko pote. Mwezi wa tisa jengo limekamilika, mafundi wameondoka, malipo ya mwezi huo yameingia, na bado akaunti iko chini kwa milioni 36.5. Inavuka sifuri mwezi wa kumi, wakati saiti imeshafungwa.

Kwa maneno mengine, faida ya milioni 60 inamtaka mkandarasi awe na uwezo wa kubeba zaidi ya mara nne ya faida hiyo. Akikopa fedha hizo benki kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, nikikadiria kwa wastani wa deni la kila mwezi, riba yote inakuwa karibu milioni 18.6. Karibu theluthi moja ya faida inaondoka hapo. Gharama hii inatakiwa kuwa ndani ya bei ya zabuni, na hakuna namna ya kuijua bila kufanya hesabu hii kabla ya kupeleka zabuni.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote katika mazoezi haya ni kugawa bei ya mkataba sawa kwa sawa kwa miezi 9, kwa sababu linatoa jibu linalopendeza macho. Kwa mgawo huo gharama ni milioni 60 kila mwezi, na pengo kubwa linaonekana mwezi wa tatu likiwa milioni 180. Mkandarasi anakwenda kuomba mkopo wa milioni 180, anavuka mwezi wa tatu kwa wepesi kuliko alivyotarajia, anajipongeza, kisha mwezi wa sita anagundua anapungukiwa milioni 82.5 huku paa likisubiri mabati.

Jambo jingine la kujaribu kwenye zoezi ni kubadilisha masharti na kutazama kina kinavyosogea. Malipo yakichelewa mwezi mmoja zaidi, yaani yafike baada ya miezi mitatu, pengo kubwa linaongezeka hadi milioni 338.5. Hakuna tofali lililoongezeka bei wala fundi aliyezembea. Ni ofisi tu imekaa na karatasi. Malipo ya awali nayo husaidia, ila si kwa kiasi ambacho wengi hudhani. Tuseme mkandarasi anapewa asilimia 15 mwanzoni, milioni 90, zinazorejeshwa kwa kukatwa asilimia 15 ya thamani ya kazi katika kila malipo. Pengo la mwezi wa sita linashuka hadi 195, punguzo la milioni 67.5. Milioni 22.5 zilizobaki zimeshakatwa kufikia wakati huo, kwa sababu makato huanza mapema na shida huja baadaye. Mkopo wa saruji na nondo kutoka kwa muuzaji wa vifaa husaidia vizuri zaidi pale katikati, mradi bei ya mkopo isizidi sana ile ya taslimu.

Mwenye mradi pia anauhitaji mchoro huu. Katika kitabu kilekile cha FIDIC, kama mkataba hauna ratiba ya malipo, mkandarasi hutakiwa kumpa makadirio ya malipo anayotegemea, na kuyarekebisha kila robo mwaka. Halmashauri au shule inayojenga kwa bajeti ya mwaka wa fedha inapaswa kutazama miezi ile mitatu ya milioni 100 inaangukia wapi. Ikiwa ya sita inakutana na Juni, hati kubwa zitafika wakati vitabu vya serikali vinafungwa.

Ujenzi ukianza, mstari wa tatu huchorwa juu ya ule uliopangwa: matumizi halisi. Hapa panahitaji umakini. Tuseme mwisho wa mwezi wa nne mpango ulisema gharama zitakuwa zimefika 225, na vitabu vinaonyesha 190. Mtu wa haraka atasema tumeokoa 35. Mkadiriaji anakwenda saiti kupima, anakuta kazi iliyofanyika ina thamani ya milioni 200 kwa bei za mkataba, badala ya 250. Kazi ya milioni 200 ilipaswa kugharimu 180. Kumbe mradi umechelewa, na kila kilichofanyika kimekula milioni 10 zaidi ya makadirio. Mwendo huo ukiendelea, gharama ya jengo zima itafika milioni 570, na faida itabaki milioni 30 kabla benki haijachukua riba yake. Mwezi wa nne bado kuna muda wa kukagua upotevu wa saruji stoo, kupanga upya vikundi vya mafundi na kupeleka benki mstari mpya kabla ya mwezi wa sita kufika.