Saa Tisa na Nusu Ndiyo Mwisho

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, inayowatunzia watengeneza programu kazi zao, alikuwa akihangaika na seva mbili za databesi. Moja ilikuwa ikihudumia wateja, na ya pili ni nakala yake iliyogoma kwenda nayo sambamba. Akaamua kufuta data ya ile nakala ili aianze upya, kumbe amri ameiandika kwenye seva ya wateja. Aliikatiza baada ya sekunde moja au mbili tu, lakini katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5.

Kukosea seva usiku kunaweza kumpata yeyote aliyechoka. Lililo zito ni kilichofuata. Walipoziendea bakapu za kila siku, hawakukuta kitu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na databesi, kwa hiyo kazi ilishindikana kila siku, na barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski aliyoichukua mhandisi saa sita kabla kwa shughuli nyingine. Yaliyoandikwa ndani ya saa hizo sita yakapotea, na kampuni ikaeleza yote hadharani.

Sasa tuchukue saccos yenye jedwali kubwa la miamala kwenye PostgreSQL. Namba ya kila muamala imehifadhiwa kama `integer`, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Ikifika hapo, hakuna muamala mpya utakaopokelewa. Dawa ni kuigeuza kuwa `bigint`. Amri yenyewe ni fupi, ila databesi hulifunga jedwali na kuliandika upya lote, kwa hiyo kazi hufanywa usiku, huduma ikiwa imesimamishwa.

Orodha huandikwa mchana, akili ikiwa na nguvu. Ya kwanza ni bakapu, nayo haihesabiwi kuwa ipo mpaka irudishwe kwenye seva nyingine ikasomeka. Jaribio hilo hufanywa siku kadhaa kabla, saa mkononi, kwa sababu tunahitaji kujua linachukua muda gani. Siku hiyo hiyo mabadiliko yenyewe hujaribiwa kwenye nakala, na nafasi ya diski huangaliwa: jedwali la zamani na jipya hukaa pamoja hadi kazi iishe.

Ukishajua muda, hesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Tuseme wateja wanaanza saa kumi na moja alfajiri, kurudisha bakapu ni dakika 70, kukagua ni dakika 20. Basi saa tisa na nusu ndiyo mwisho wa kusubiri. Saa hiyo ikigonga na mambo hayajakaa sawa, mnarudi mlikotoka bila mjadala. Nasisitiza iandikwe kabla, maana usiku kila mtu huomba dakika kumi zaidi, kisha kumi nyingine.

Huduma ikishafungwa, chukueni bakapu ya mwisho, kisha pigeni hesabu hii na kuandika majibu yake:

```sql
SELECT count(*), max(id), sum(kiasi)
FROM miamala;
```

Kabla ya kila amri nzito, anayeandika huchapa `hostname` na kulisoma jina la seva kwa sauti, mwenzake akilithibitisha. Ndipo:

```sql
BEGIN;
SET LOCAL lock_timeout = '5s';
ALTER TABLE miamala ALTER COLUMN id TYPE bigint;
ALTER SEQUENCE miamala_id_seq AS bigint;
COMMIT;
```

Kabla ya `COMMIT`, ukiandika `ROLLBACK` jedwali linabaki lilivyokuwa. Mstari wa `ALTER SEQUENCE` ndio husahaulika. Kinachotoa namba mpya, kama kiliundwa kwa `serial` katika matoleo ya tangu 2017, nacho kina kikomo kile kile. Safu ikipanuliwa peke yake, asubuhi kila kitu kitaonekana kizuri, hadi namba ziishe na miamala ianze kukataliwa. Majedwali mengine yanayobeba namba hiyo ya muamala pia yanahitaji kupanuliwa.

Kwa hiyo kuona ukurasa umefunguka si ukaguzi. Rudieni ile hesabu na majibu yote matatu yalingane. Kwenye nakala ya majaribio, sogezeni namba ivuke kikomo cha zamani na mwone muamala ukiingia. Kwenye mfumo halisi, wekeni amana ndogo kwenye akaunti ya ofisi kwa simu ya kawaida, kisha mwitafute kwenye taarifa ya siku.

Mteja wa kwanza akishaweka pesa, ile bakapu haifai tena kurudishwa hivi hivi, kwani itafuta amana yake. Ndiyo sababu ruhusa ya kufungua huduma hutolewa na yule mwenzake baada ya kusoma majibu ya ukaguzi, si na aliyeandika amri.