Waranti za kampuni na hisa zinazozimuliwa

Waranti ya soko la hisa si ile hati ya polisi ya kumkamata mtu, wala si dhamana anayopewa mnunuzi wa friji. Ni haki inayotolewa na kampuni yenyewe, inayomruhusu mwenye nayo kununua hisa za kampuni hiyo kwa bei iliyotajwa tangu mwanzo, katika muda uliowekwa, mara nyingi miaka kadhaa. Bei hiyo huitwa bei ya utekelezaji. Mwenye waranti halazimiki kununua. Hisa ikipanda sokoni juu ya bei ya utekelezaji, atanunua kwa bei nafuu. Isipopanda, muda utakwisha na karatasi yake haitakuwa na thamani.

Jambo linalowagusa wanahisa wa zamani ni kwamba hisa atakazopewa mwenye waranti ni mpya. Hazitoki mfukoni mwa mwanahisa mwingine, zinachapwa na kampuni. Keki ile ile inagawanywa vipande vingi zaidi, na kila kipande cha zamani hupungua, mfano wa maziwa yanayozimuliwa kwa maji. Lakini maji haya huja na pesa kidogo, kwa sababu mwenye waranti hulipa bei ya utekelezaji, na pesa hizo huingia kampuni. Ndiyo maana hasara ya mwanahisa huwa ndogo kuliko wengi wanavyodhani wanapoona idadi ya hisa mpya peke yake.

Hesabu ndogo inaonyesha hivyo. Chukua kampuni yenye hisa 1,000,000, iliyotoa waranti 200,000 zenye bei ya utekelezaji ya shilingi 1,200. Miaka inapita, biashara inanawiri, na mali yote ya wanahisa inafika shilingi milioni 1,500, yaani shilingi 1,500 kwa kila hisa. Wenye waranti wanajitokeza na kulipa shilingi milioni 240. Sasa kuna milioni 1,740 za kugawanywa kwa hisa 1,200,000, na kila hisa ina thamani ya shilingi 1,450. Hisa zimeongezeka kwa asilimia 20, lakini mwanahisa wa zamani amepoteza shilingi 50 tu, kama asilimia 3. Na shilingi hizo hazikuyeyuka: wenye waranti wamepata faida ya shilingi 250 kwa kila hisa mpya, jumla milioni 50, ambazo ndizo hasa walizopoteza wenzao.

Swali gumu zaidi ni lini hasara hiyo inaingia katika bei ya sokoni. Wengi husubiri siku ya utekelezaji, wakitarajia bei ianguke siku hiyo. Hilo ni kosa. Soko linajua tangu siku ya kutolewa kwamba waranti zipo, ni ngapi na zina bei gani, na wanunuzi huanza kukata sehemu hiyo mara moja. Kwa hiyo anguko, kama lipo, hutokea pale toleo jipya linapotangazwa, na kiasi chake kinategemea jambo moja: kampuni imepata nini badala ya waranti ilizotoa. Ikiziuza kwa thamani yake halisi, pesa zilizoingia zinaziba pengo na bei haina sababu ya kushuka. Ikizigawa bure, au kama nyongeza ya kumvutia mkopeshaji, thamani yake yote inatoka kwa wanahisa, isipokuwa mkopo wenyewe umekuwa nafuu kwa kiasi hicho hicho.

Mfano uliowahi kufuatiliwa na dunia nzima ni wa Benki ya Amerika. Mwezi Agosti 2011, hisa zake zikiwa zimeporomoka kwa hofu ya hasara za mikopo ya nyumba, kampuni ya Bakshia Hathawei ya tajiri Woren Bafeti iliipa benki hiyo dola bilioni 5. Ilipokea hisa za upendeleo zenye gawio la asilimia 6 kwa mwaka, na juu yake waranti za kununua hisa za kawaida milioni 700 kwa dola 7.142857 kila moja, kwa muda wa miaka 10. Ukizidisha, unapata karibu kabisa dola bilioni 5.

Benki iligawa pesa hizo katika vitabu vyake: dola bilioni 2.9 kwa hisa za upendeleo, na bilioni 2.1 kwa waranti. Benki ilikuwa na hisa za kawaida bilioni 10.1 hivi, kwa hiyo haki iliyotolewa ilikuwa sawa na senti 21 kwa kila hisa. Hisa yenyewe ilifunga kwa dola 6.99 jioni ya kuamkia tangazo. Kwa hesabu tupu ilipaswa kutetereka. Badala yake siku ya tangazo, tarehe 25 Agosti, ilifunga kwa dola 7.65, kwa sababu imani iliyoletwa na jina la mwekezaji ilizidi senti zilizozimuliwa. Uzimuaji ulikuwepo, ila ulifunikwa na habari nzuri. Ndiyo sababu si haki kupima athari ya toleo kwa kutazama bei ya siku moja tu.

Utekelezaji ulifanyika Agosti 2017, hisa ikiwa karibu dola 24. Kilichousukuma ni gawio, si bei, maana waranti haina gawio. Bafeti alikuwa ameeleza mapema kwamba gawio la hisa za kawaida likizidi senti 44 kwa mwaka, itafaa kubadilisha, kwa kuwa hisa milioni 700 zingeleta zaidi ya zile dola milioni 300 za kila mwaka kutoka hisa za upendeleo. Benki ilipopandisha gawio hadi senti 48, alitimiza hilo na kulipa kwa kurudisha hisa za upendeleo zenyewe. Hakuna pesa mpya iliyoingia siku hiyo, ila benki iliondokewa na mzigo wa gawio lile. Kampuni yake ikawa na chini kidogo ya hisa 7 katika kila 100 za benki.

Mwanahisa wa kawaida anaweza kuona alama za uzimuaji katika taarifa ya mwaka, kwenye mstari wa faida kwa kila hisa baada ya uzimuaji. Wahasibu hudhani kwamba kampuni ingetumia pesa za utekelezaji kununua hisa zake sokoni kwa bei ya wastani ya kipindi. Katika mfano wetu, milioni 240 kwa bei ya 1,500 zingenunua hisa 160,000, kwa hiyo ni hisa 40,000 tu zinazoongezwa kwenye hesabu. Faida ya shilingi milioni 104 ingekuwa shilingi 104 kwa kila hisa kabla, na 100 baada ya uzimuaji.

Njia hii ina mwanya mmoja. Bei ya wastani ikiwa chini ya bei ya utekelezaji, waranti hazihesabiwi kabisa, na mistari miwili huonekana sawasawa kana kwamba hazipo, ingawa zina thamani na miaka mingi mbele. Idadi yake, bei yake na siku ya mwisho wake hupatikana katika maelezo ya mtaji yaliyo nyuma ya taarifa, na huko ndiko mwanahisa anapaswa kuanzia.