Peroksaidi: Povu Linalosema Kweli Kwenye Shuka na Kudanganya Kwenye Kidonda

Haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya chupa ya kahawia, karibu yote ni maji. Dawa yenyewe ni asilimia 3 tu. Ina oksijeni ya ziada isiyotulia, na mwanga huiharakisha kutoka. Ndiyo maana haiuzwi kwenye chupa angavu.

Tuchukue shuka jeupe la pamba lenye doa la damu. Anza na maji baridi, kwani ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi. Kisha mwagia peroksaidi kidogo juu ya doa lililobaki. Litafura povu papo hapo, kwa sababu damu ina kimeng'enya kiitwacho katalasi ambacho huivunja peroksaidi ikawa maji na oksijeni. Mapovu hung'oa damu nyuzini, na peroksaidi ambayo haijavunjika hufifisha wekundu. Acha dakika chache, suuza, rudia mpaka povu lipungue, halafu fua kwa sabuni.

Ila dawa hii haichagui. Inavyofifisha damu ndivyo inavyoweza kufifisha rangi ya khanga. Kwa nguo ya rangi, tia tone moja kwenye upindo wa ndani, ngoja dakika kumi, kisha bonyeza kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikichukua rangi, au upindo ukipauka, acha. Doa la kutu usilijaribu kabisa: chuma huichachua peroksaidi ikala pamba yenyewe, na baadaye nguo hutoboka palepale.

Sasa ngozi. Wengi huona povu kwenye kidonda wakaamini vijidudu vinakufa. Povu lile ni la katalasi ileile ya damu na nyama iliyojeruhiwa, na peroksaidi huunguza pia chembe changa zinazofunga kidonda. Mchubuko wa kawaida oshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Ukiishika dawa vidole vikawa vyeupe, usidhani umepata mkorogo: ni viputo vya oksijeni chini ya ngozi, na weupe huo hupotea wenyewe. Anayejipaka usoni ili ang'ae huambulia mwasho. Zile za saluni, za asilimia 6 hadi 12, ni za nywele, na zikikaa kwenye ngozi huunguza.

Usiichanganye na siki wala jiki katika chombo kimoja. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 15 na uende hospitali. Haifai kunywewa kwa ugonjwa wowote, hata iwe imezimuliwa: oksijeni inayotoka tumboni inaweza kuingia kwenye mishipa ya damu na kuua.

Kama chupa imekaa wazi kwa miezi, dondoshea kipande cha kiazi kibichi, maana nacho kina katalasi. Kisipotoa povu, umebakiwa na maji, mwaga.