Bomba Linavuja, Barua Inazunguka

“Habari mzee, lile tatizo la maji bado lipo na nimeshachoka na ahadi zako. Lishughulikie haraka.”

Tuseme mpangaji wa ghorofa Kinondoni ameandika hivyo. Hasira inaonekana, bomba halionekani. Ni maji gani? Yalianza lini? Na “haraka” ni kesho au mwisho wa mwezi?

Baada ya kuhaririwa, mada inasomeka: “Bomba la jikoni linavuja, nyumba Na. 4.” Chini yake:

“Shikamoo mzee. Bomba chini ya sinki linavuja tangu Jumatatu, 3 Machi 2025. Nilikupigia tarehe 5, ukasema fundi angekuja Jumamosi, tarehe 8. Hakuja. Mbao za kabati zimeanza kuvimba, picha nimeambatisha. Naomba bomba litengenezwe kabla ya Ijumaa, 14 Machi, saa 11 jioni. Nipo nyumbani kila siku kuanzia saa 9 alasiri. Tafadhali nijulishe fundi atakuja siku gani.”

Neno “hakuja” linatosha. Kuongeza “kama kawaida yako” kungehamisha mazungumzo kutoka kwenye bomba hadi kwenye heshima. Ahadi ya simu nayo sasa ina maandishi yenye tarehe.

Siku ya mwisho imetajwa kwa jina, tarehe na saa, kwa sababu “ndani ya siku saba” huzua ubishi: zihesabiwe tangu lini? Kitisho cha kukata kodi kimeachwa nje, maana mkataba huenda hauruhusu.

Maji yakifika kwenye soketi ya umeme, mpangaji hupiga simu kwanza. Barua hufuata siku hiyohiyo, ikitaja saa aliyopiga.