Vichwa Kwanza, Viambatisho Baadaye: Barua Pepe kwa Bando Dogo

Kwenye laini ya simu inayolipiwa kwa MB, kinachomaliza bando kwa kawaida si wingi wa barua pepe, bali ni viambatisho vichache vilivyomo. Barua moja ina sehemu tatu. Kuna vichwa, yaani jina la mtumaji, mada, tarehe na kumbukumbu za njia iliyopitiwa. Kuna maandishi yenyewe. Na kuna viambatisho. Sehemu mbili za kwanza mara nyingi hupimwa kwa kilobaiti chache au makumi ya kilobaiti. Ya tatu hupimwa kwa megabaiti.

Kiambatisho pia husafiri kikiwa kikubwa kuliko kilivyo kwenye diski. Barua pepe iliundwa kubeba herufi, hivyo faili hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kutumwa: kila baiti tatu huwa herufi nne. Kwa sababu hiyo faili ya MB 6 hupita kwenye laini kama MB 8 hivi.

Njia ya kuokoa bando inategemea itifaki inayotumika. Akaunti ya POP3 kwa kawaida hushusha kila barua nzima. Kwa IMAP barua hubaki kwenye seva, na programu huomba kile tu inachokitaka. Ombi la vichwa na ukubwa wa barua tatu huwa hivi:

```
a1 FETCH 1:3 (RFC822.SIZE BODY.PEEK[HEADER.FIELDS (FROM SUBJECT DATE)])
```

Seva hujibu kwa mistari michache, na neno `PEEK` huizuia isizihesabu barua hizo kuwa zimeshasomwa. Mtumiaji halazimiki kuandika amri hiyo, kwa kuwa programu humfanyia. Kazi yake ni kuweka kikomo. Katika K-9 Mail kwenye simu za Android, kikomo hicho huitwa `Fetch messages up to`. Barua ikikizidi, programu huchukua maandishi na kuorodhesha viambatisho bila kuvishusha. Katika Thunderbird ya kompyuta, mpangilio wa namna hiyo ni `Don't download messages larger than`.

Chukua mfano wa katibu wa chama cha ushirika mwenye bando la MB 50, kwenye mtandao unaopitisha kilobiti 100 kwa sekunde. Asubuhi anakuta barua 20 mpya. Barua 18 ni maandishi matupu, moja ina muhtasari wa kikao wa MB 6, na nyingine ina picha tatu za MB 3 kila moja. Zikishushwa zote, viambatisho hivyo vya MB 15 hupita kama MB 20. Hizo ni takribani dakika 27 za kusubiri na sehemu mbili kwa tano za bando. Vichwa vya barua zote, vikikadiriwa kwa kilobaiti 5 kila kimoja, ni kilobaiti 100, yaani sekunde nane. Maandishi huongeza kilobaiti 200 hivi. Katibu anasoma, anafuta matangazo, kisha anagusa muhtasari peke yake kwa sababu kikao ni leo. Anatumia MB 8 na ushei. Picha zinabaki kwenye seva hadi apate Wi-Fi.

Utaratibu huu una mitego yake. Mtandao ukikatika katikati ya kiambatisho, programu nyingi huanza upya, na MB zilizopita huwa zimeshalipiwa. Faili kubwa ishushwe mahali penye mtandao imara. Barua zenye picha za tovuti ni mtego mwingine: picha hizo hazimo ndani ya barua, kwa hiyo kikomo cha ukubwa hakizigusi. Kinachozizuia ni mpangilio wa kutoonyesha picha za nje.

Kutuma nako hula bando. Kwenye akaunti nyingi za IMAP, programu hupeleka barua kwa mpokeaji, kisha hupakia nakala yake kwenye folda ya zilizotumwa. Kiambatisho cha MB 3 huweza kupita mara mbili na kufikia MB 8. Baadhi ya watoa huduma huhifadhi nakala wenyewe, na hapo upakiaji wa pili huzimwa katika mipangilio. Picha ipunguzwe kabla ya kuambatanishwa.

Njia ya kuthibitisha kwamba kikomo kinafanya kazi ni kufungua takwimu za matumizi ya data za simu, kusoma tarakimu ya programu ya barua, kukagua barua mpya, kisha kusoma tena. Ikiwa tarakimu imepanda kwa megabaiti kadhaa bila kiambatisho kuguswa, basi ama akaunti ni ya POP3, ama kikomo kimewekwa juu mno, ama picha za nje zimeruhusiwa.