Nusu Saa ya Jumanne

Mwaka 1973, mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alichapisha makala kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu waliyemfahamu. Wengi wao walisaidiwa na watu waliokuwa wakionana nao mara chache tu. Rafiki wa karibu mara nyingi anajua yale unayoyajua wewe, ila yule wa mbali hupita mahali usikopita. Shida ni kwamba ndiye tunayempoteza kwanza kazi zinapobana.

Tuchukue mkadiriaji majenzi wa Dar es Salaam ambaye siku yake huliwa na vikao na safari za saiti. Anafungua daftari na kuandika majina katika makundi matatu. Wanane ni wa kila mwezi, 24 ni wa kila miezi mitatu, na 26 ni wa kila nusu mwaka. Ukigawa kwa wiki, ni wawili wa kundi la kwanza, wawili wa la pili na mmoja wa la tatu. Watu watano tu kwa wiki, na wote 58 wanafikiwa.

Kila Jumanne saa mbili asubuhi, kabla simu hazijaanza, dakika tano anasoma alichoandika mara ya mwisho kuhusu hao watano. Dakika 20 zinazofuata anawaandikia, au anampigia mmoja wao. Tano za mwisho ni za mtu mpya aliyekutana naye wiki hiyo: anahifadhi namba pamoja na kazi ya mtu huyo na mahali walipokutana, kisha anamtumia salamu. Ijumaa siishauri, kwa sababu shughuli za wiki hukimbiliana kumalizika na nusu saa hiyo huwa ya kwanza kutolewa kafara.

Kazi kubwa imo kwenye ujumbe wenyewe. "Kimya sana, za siku?" humwachia mwenzako mzigo wa kutafuta la kusema. Afadhali hivi: "Shikamoo mzee. Uliniambia ofisi inahamia Dodoma mwezi wa tatu. Mmeshatulia?" Hapo anaona ulimsikiliza, na jibu lake linakupa cha kuandika daftarini. Salamu za sikukuu zinazosambazwa kwa kila mtu usizihesabu kabisa.

Utaratibu ukiharibika, daftari litakuonyesha. Ukikuta mara tatu mfululizo ulimtafuta mtu kwa ombi, ujumbe unaofuata uwe wa kumjulia hali tu. Asiyejibu mara tatu mshushe kundi. Asipojibu hata huko, nafasi yake mpe mtu mpya, la sivyo orodha itavimba hadi nusu saa isitoshe.

Msiba, ugonjwa na harusi havimo katika hesabu hii. Ukisikia mmoja wa hao 58 amefiwa, usingoje Jumanne: piga simu siku hiyo hiyo, na ukiweza, nenda.