Redioni ni ndugu, kwenye simu ni nani?

Juzi nilikosea tarakimu moja, shilingi 60,000 zikaenda kwa mtu nisiyemjua. Nikapiga huduma kwa wateja ya kampuni ambayo kila asubuhi redioni hujiita ndugu yetu. Wakati nasubiri, wimbo wa tangazo lile lile ukawa unanilia sikioni. Hatimaye binti akapokea, akanisikiliza, kisha akasema: "Pole kwa usumbufu. Naomba majina yako kamili, namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa." Mwishoni akauliza kama nina jambo lingine la kusaidiwa, na hata hilo la kwanza halijaguswa.

Simlaumu. Alikuwa anasoma maneno aliyowekewa kwenye skrini, huku dakika za simu zikihesabiwa. Baadaye msimamizi husikiliza simu zilizorekodiwa na kujaza fomu ya alama: ametaja kampuni? Amemwita mteja kwa jina? Ameuliza kama kuna lingine? Mfanyakazi huishi kwa fomu hiyo, si kwa tangazo. Na mara nyingi aliyetunga tangazo hajawahi kukaa meza moja na aliyeandika maneno ya simu.

Ndugu angenijibuje? Tuanze na lisiloondoka: maswali ya utambulisho. Bila hayo, tapeli yeyote angepiga na kuzuia fedha za mwenzake. Kinachobadilika ni namna ya kuyafikia: "Pole sana, tuwahi kabla hajazitoa. Ili niweze kuzizuia lazima nijue ni wewe, nitajie majina yako." Maswali ni yale yale, ila sasa mtu anajua kwa nini anaulizwa.

Lakini maneno hayo ni bure kama anayeyatamka hana ruhusa ya kuzuia fedha, na kazi yake ni kukuhamishia kitengo kingine ukaanze upya. Ruhusa itangulie, maneno yafuate. Kisha fomu ya alama iulize: mteja amekata simu akijua nini kitafanyika na lini? Kipimo cha nje ni rahisi: hesabu wanaopiga tena ndani ya siku chache kwa shida ile ile.

Zappos, wauza viatu wa Marekani, walijijengea jina kwa huduma, na wahudumu wao hawakupewa maneno ya kusoma wala kuharakishwa. Kampuni ya fedha haiwezi kuiga yote, maana ina maneno ambayo lazima yasemwe. Ila kama haiwezi kumpa mhudumu muda wala ruhusa, heri ibadilishe tangazo, ijiite ya haraka au ya uhakika, undugu iuache.

Nilipiga mara tatu. Mara ya tatu alipokea kijana. "Aa, pole mama. Umetuma saa ngapi? Tuwahi." Akaniuliza maswali yale yale ya binti wa kwanza, nami nikayajibu mbio mbio, kitambulisho kikiwa tayari mkononi.